Maelezo mafupi yaliyosafiri bila mwenyewe: kisa cha mwombaji kazi, mkaguzi wa stoki na mkuu wa ugavi

Kuhusu kisa hiki

Majina yote, mji na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa au kubadilishwa. Nashughulika na ushauri wa ajira, na katika kisa hiki niliombwa kusoma ujumbe wa mwombaji baada ya ule wa kwanza kukwama. Baadaye nilizungumza na mkaguzi, aliyekuwa mtu wa kati, na nilichoandika kuhusu upande wake kimetoka kwake mwenyewe.

Usuli

Mwombaji alikuwa afisa ghala mwandamizi katika kampuni ya kusambaza vyakula vya viwandani, kwenye mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Alikuwa kwenye mwaka wake wa tano hapo. Kampuni binafsi ya kuagiza na kusambaza dawa, yenye makao yake Dar es Salaam, ikatangaza nafasi ya afisa mipango ya ugavi. Maombi yalipokelewa kwenye tovuti ya kampuni kwa wiki mbili.

Kazi yenyewe aliiweza. Tatizo lilikuwa fomu. Swali mojawapo lilitaka miaka ya uzoefu katika sekta ya dawa, na jibu lake la kweli lilikuwa sifuri. Mtu wa idara ya rasilimali watu anayepitia mamia ya fomu hana sababu ya kusimama kwenye sifuri hiyo. Mkuu wa ugavi, ambaye ndiye angefanya kazi na atakayeajiriwa, angeweza kusimama, kwa kuwa anajua ghala ni ghala na anajua ni kipi kinafundishika kwa mwezi mmoja na kipi hakifundishiki. Lakini fomu isingemfikia.

Ndiyo maana kutafuta mtu wa kumtambulisha kulikuwa na mantiki hapa. Kama fomu yake ingekuwa imejaa kila kigezo, ningemshauri aombe kama wengine na asubiri, kwa sababu fadhila ya kutambulishwa haiombwi kila wiki kwa mtu yuleyule.

Nani aombwe

Alikuwa na watu watatu wa kuwaza. Wa kwanza ni mjomba wake, anayesali msikiti mmoja na mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ile. Wa pili ni rafiki wa chuo anayefanya kazi palepale, idara ya uhasibu. Wa tatu ni mkaguzi wa hesabu aliyekuja ghalani kwake kusimamia kuhesabu stoki ya mwisho wa mwaka, miaka miwili mfululizo, na ambaye zamani aliwahi kufanya kazi na huyo mkuu wa ugavi kwenye kampuni nyingine. Uhusiano huo aliugundua LinkedIn, alipoona wote wawili walikuwa mahali pamoja kwa miaka ileile.

Familia ilimsukuma kwa mjomba. Mjomba ana cheo mtaani, na mkurugenzi ni mkubwa kuliko meneja, yaani huyo mkuu wa ugavi. Lakini mjomba angesema nini? Angesema huyu ni mtoto wetu, ana adabu, amesoma. Hayo ni kweli, ila meneja akiyapokea kutoka juu anayasikia kama agizo, na mwombaji anaingia kwenye usaili akiwa tayari ameitwa mtu wa fulani. Rafiki wa chuo angeweza kusaidia zaidi, isipokuwa hakuwahi kumwona mwombaji kazini hata siku moja.

Mkaguzi ndiye aliyekuwa na kitu cha kusema. Alikuwa amesimama kati ya rafu zile na karatasi mkononi.

Ujumbe wa kwanza

Alimwandikia WhatsApp hivi:

> Shikamoo kaka. Habari za siku nyingi, natumaini wewe na familia mnaendelea vizuri. Kaka mimi bado niko kulekule ila hali si nzuri, mshahara haupandi na majukumu yameongezeka. Nimeona kampuni ya dawa wametangaza nafasi na nasikia meneja wa pale ni mtu wako. Naomba uniunganishe kaka yangu, ukinisaidia hili sitakusahau. Nakutumia na CV yangu.

Chini yake kulikuwa na faili lenye jina `CV_mpya_FINAL2.pdf`. Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Marahaba mdogo wangu. Sawa, nitaangalia." Baada ya hapo ikawa kimya, karibu wiki nzima.

Mwombaji alihisi amepuuzwa. Mkaguzi aliniambia hakuwa amempuuza hata kidogo, ila kila alipofungua ujumbe ule aliona kazi. Haukutaja nafasi gani, kwa hiyo ilibidi atafute tangazo. Haukumpa cha kumwambia meneja, kwa hiyo ilibidi atunge mwenyewe, na mtu mwenye ripoti tatu mezani haanzi kutunga. Kuusambaza ulivyo asingeweza, kwani ulikuwa umebeba malalamiko ya mshahara, na meneja gani anataka kuanza kumfahamu mtu kwa malalamiko yake?

Halafu kulikuwa na neno "sitakusahau". Mwombaji alilitia kwa moyo safi kabisa, kama sote tunavyolitia. Lakini katika mambo ya ajira neno hilo lina historia yake. Likikaa kwenye simu ya mtu, linasomeka kama ahadi ya bahasha, na mkaguzi wa hesabu ni mtu wa mwisho kutaka ujumbe wa namna hiyo uonekane chini ya jina lake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haihitaji pesa iwe imeshapita mkononi. Hata kuahidi kunatosha kukuletea maswali. Shukrani isubiri mpaka jambo limekwisha, na iwe shukrani tupu.

Ujumbe wa pili, ulioandikwa kwa vipande viwili

Tuliamua kutenganisha mambo mawili ambayo ujumbe wa kwanza uliyachanganya. Kuna maombi kwa mkaguzi, ambayo ni ya macho yake tu. Na kuna maelezo ya kumfikia meneja, ambayo mkaguzi anatakiwa aweze kuyachukua kwa kidole kimoja bila kugusa neno. Kila kimoja kilitumwa kama ujumbe wake.

Cha kwanza:

> Shikamoo kaka. Samahani kwa ujumbe wangu wa wiki iliyopita, ulikuwa na mambo mengi. Nimeshaomba nafasi ya afisa mipango ya ugavi kwenye ile kampuni ya dawa. Maombi yanafungwa Ijumaa ijayo. Je, unafahamiana na mkuu wa ugavi kiasi cha kuweza kumwandikia? Kama ndiyo, naomba umuulize kwanza kama atakubali kuzungumza nami kwa simu dakika 15. Sema tu ulichokiona mwenyewe ulipokuja kuhesabu. Kama haikai vizuri kwako kaka, niambie, nitaelewa kabisa. Nakutumia maelezo mafupi hapa chini, yanakili au yabadilishe upendavyo.

Cha pili:

> Kuna mtu ameomba nafasi ya afisa mipango ya ugavi mliyotangaza. Ni afisa ghala mwandamizi kwenye kampuni ya kusambaza vyakula, mwaka wa tano sasa. Stoki yake nilisimamia kuhesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza tofauti kati ya vitabu na rafu ilikuwa karibu asilimia 6. Mwaka uliofuata haikufika asilimia 1, baada ya yeye kuanzisha kuhesabu rafu chache kila wiki badala ya kungoja mwisho wa mwaka. Anaomba dakika 15 za simu aulize mnavyopanga oda za mikoani. Ukikubali nitampa namba yako.

Kuna maamuzi matatu hapa yanayohitaji maelezo.

La kwanza ni nani anayesema. Maelezo yale yameandikwa kwa sauti ya mkaguzi, ingawa aliyeyaandika ni mwombaji. Kwenye WhatsApp hii ndiyo njia nzuri, kwa sababu mtu wa kati hunakili na kubandika. Ujumbe ukisambazwa kwa kitufe hubeba alama inayoonyesha kuwa umetoka kwingine, na meneja anausoma kama zile salamu za asubuhi zinazozunguka kwenye makundi. Kwa barua pepe ningeamua kinyume. Huko mtu wa kati husambaza barua nzima na jina la mwandishi linaonekana chini, hivyo maelezo yaandikwe kwa "mimi", na mtu wa kati aongeze sentensi zake mbili juu. Sauti ya "yeye" kwenye barua pepe iliyosambazwa inachekesha: mtu anaonekana akijisifu huku akijiita yeye.

Kumwekea mtu maneno mdomoni kuna masharti. Kila sentensi lazima iwe kitu alichokishuhudia, na lazima awe huru kubadilisha. Mkaguzi alibadilisha kweli. "Karibu asilimia 6" akaifanya "zaidi ya asilimia 5", kwa kuwa ndiyo aliyoikumbuka bila kufungua mafaili. Na "mtu" akaifanya "binti mmoja makini sana". Binafsi nisingeliandika hilo, lakini limetoka kwake, na meneja anayemfahamu alijua limetoka kwake.

La pili ni kutumia asilimia. Mwombaji alikuwa na thamani ya upotevu ule kwa shilingi, na shilingi zingevutia zaidi. Lakini takwimu za fedha za ghala ni mali ya mwajiri wake, na mkaguzi amefungwa na usiri wa mteja. Hata asilimia tulimuuliza kama ni sawa kwake. Alikubali kwa sababu kampuni haikutajwa jina.

La tatu ni kilichoombwa. Mwombaji aliomba maongezi ya robo saa kuhusu jambo mahususi, yaani oda za mikoani. Meneja akiombwa kazi, jibu rahisi ni "mwambie aombe kwenye tovuti". Akiombwa robo saa kuhusu kitu anachokifanya kila siku, jibu rahisi ni ndiyo.

Faili la wasifu halikuambatanishwa. Lingeombwa, lingetumwa likiwa na jina lake na jina la nafasi, kwani kwenye WhatsApp jina la faili ndilo kitu cha kwanza kuonekana.

Kilichofuata

Mkaguzi alibandika maelezo kwa meneja usiku uleule. Asubuhi meneja akamjibu kwa sauti: ampe binti namba, apige kesho yake saa tano. Mkaguzi akamtumia mwombaji namba, na mwombaji, kabla ya kupiga, akatuma ujumbe mfupi wa kujitambulisha akitaja jina la mkaguzi kwenye mstari wa kwanza. Watu wa ugavi hupigiwa simu na wauzaji siku nzima, na namba ngeni huachwa iite.

Mazungumzo yalipita robo saa. Mwishoni meneja alimuuliza swali moja la kiofisi: "Umeshaomba kwenye mfumo? Nipe namba ya maombi." Alikuwa nayo. Meneja akawaandikia rasilimali watu waitoe fomu hiyo na kuiweka kwenye orodha ya wanaoitwa. Kama angekuwa hajaomba, kusingekuwa na kitu cha kutoa. Watu wengi hudhani kutambulishwa kunachukua nafasi ya kuomba. Kwa kampuni yenye utaratibu, asiye na namba kwenye mfumo hayupo.

Siku mbili baadaye jambo likaharibika. Msimamizi wake wa kazi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia: "Nasikia unataka kutuaga." Meneja wa Dar, kwa nia njema, alikuwa amempigia rafiki yake anayesimamia magari ya usambazaji, kumbe kwenye kampuni ileile ya mwombaji. Aliuliza tu kama binti huyu ni mchapakazi. Rafiki akasifu sana, halafu akaenda kula chakula cha mchana.

Hakufukuzwa. Ila mafunzo aliyokuwa ameahidiwa yaliahirishwa bila tarehe, na wiki kadhaa zilizofuata alifanya kazi huku akitazamwa kama msafiri aliyekwishafunga mizigo.

Matokeo

Aliitwa usaili. Kulikuwa na jaribio la Excel la kukadiria oda kutokana na mauzo ya miezi iliyopita, na alilifanya vizuri. Kwenye maswali ya ana kwa ana alikwama mahali pamoja: aliulizwa angefanyaje kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ingeagiza toleo fulani la dawa lirudishwe kutoka sokoni. Jibu linaanzia kwenye namba za toleo, yaani kujua kila katoni ya toleo lile ilikwenda kwa nani. Alijibu kwa jumla jumla.

Nafasi ilikwenda kwa mtu aliyetoka kwenye sekta ya dawa. Baada ya wiki tano meneja alimpigia yeye mwenyewe, akampa mkataba wa mwaka mmoja kama afisa wa stoki kwenye ghala jipya la kampuni mkoani. Aliukubali.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichobeba jambo hili ni uchaguzi wa mtu, zaidi ya ufundi wa maandishi. Mkaguzi hana cheo cha mkurugenzi, lakini alikuwa na ushuhuda ambao meneja wa ugavi anaujali kuliko sifa zote: tofauti ya vitabu na rafu. Meneja alisema kwenye simu kuwa ni sentensi hiyo iliyomfanya ajibu.

Mlango wa kukataa nao ulifanya kazi, ingawa hakuna aliyeutumia. Mkaguzi aliniambia kuwa ile sentensi ya "kama haikai vizuri kwako" ilimwondolea mzigo. Katika ujumbe wa kwanza alikuwa na njia mbili tu, kubeba au kukaa kimya, na mtu mstaarabu wa kwetu hasemi hapana kwa mdogo wake, hunyamaza. Kimya cha wiki nzima mara nyingi ni hapana ya adabu, na anayeomba anaweza kukizuia kwa kuiruhusu hapana mapema.

Kisa hiki, hata hivyo, ni cha kampuni binafsi. Nafasi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira kwa utaratibu wake, na huko kumwandikia mtu aliye karibu na usaili kunaweza kukuondoa kabisa. Maelezo yaleyale yaliyomsaidia hapa yangekuwa ushahidi dhidi yake kule.

Uchambuzi: kilichoharibika

Suala la siri mwombaji alilijua tangu mwanzo. Alimwambia mkaguzi kwa simu kwamba ofisini kwake hawajui. Mkaguzi alitunza siri hiyo vizuri kabisa, kwa maana ya kwamba hakuifikisha hata kwa meneja. Maombi ya faraghani hubaki faraghani, na kinachosafiri ni kile kilichoandikwa kwenye kipande cha pili. Sharti lolote linalomhusu meneja lilipaswa kukaa humo, hata kama linaonekana dogo. Biashara ya usambazaji ni kijiji, na mameneja wake hupigiana simu kama majirani wanavyoombana chumvi.

Kosa la pili ni la ushuhuda uliochaguliwa. Kuhesabu rafu kila wiki ni jambo zuri, lakini halikugusa shaka kubwa ambayo meneja angekuwa nayo, yaani dawa. Ghala la vyakula pia lina tarehe za mwisho wa matumizi, na mwombaji alikuwa amepanga mzigo unaokaribia kuisha muda utoke kwanza, akiandika namba ya toleo kwenye kila hati ya kupeleka mzigo. Hilo ndilo jibu la swali lililomkwamisha. Lingetajwa kwenye maelezo, meneja angelikumbuka kwenye usaili na yeye mwenyewe angelijiandaa nalo. Maelezo yalinyamazia pengo badala ya kulitaja na kuliwekea daraja.

La tatu ni dogo lakini lilimuuma mkaguzi. Habari ya usaili, ya kukosa na ya mkataba, zote alizisikia kutoka kwa meneja. Mwombaji alikuwa akisubiri awe na habari nzuri ya kumpelekea. Mtu aliyeweka jina lake anataka kujua hata kama ni mbaya, tena siku hiyohiyo, maana huenda anakutana na meneja jioni.

Maelezo yangekaaje

Nikiandika upya kipande cha pili leo, kwa kisa hikihiki, na mkaguzi akikubali kuwa aliyaona yote, ningeandika hivi:

> Kuna mtu ameomba nafasi ya afisa mipango ya ugavi mliyotangaza. Hajafanya kazi kwenye dawa. Ni afisa ghala mwandamizi wa vyakula, mwaka wa tano. Stoki yake nilisimamia kuhesabiwa mara mbili: tofauti ya vitabu na rafu ilishuka kutoka zaidi ya asilimia 5 hadi chini ya asilimia 1, na namba za toleo zinaonekana kwenye hati zake za kupeleka mzigo. Anaomba dakika 15 za simu kuhusu oda za mikoani. Ofisini kwake bado hawajui, kwa hiyo tafadhali usiulizie huko kwanza, niulize mimi. Ukikubali nitampa namba yako.

Ni marefu kidogo kuliko ya awali, na kwenye simu yanajaza kioo. Kama lazima kitu kitoke, ningetoa oda za mikoani kabla ya kugusa sentensi ya ofisini.